Namba kumi, tiketi kumi: jinsi ya kuzungusha namba za bahati nasibu, na unachopata kweli

Kuna karatasi inauzwa shilingi 5,000 kwenye baadhi ya vibanda vya kutoa kopi hapa Dodoma. Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: NAMBA KUMI, TIKETI KUMI, USHINDI WA UHAKIKA. Ndani kuna jedwali la herufi na maelezo mafupi ya namna ya kulijaza. Jedwali lenyewe halina kosa, nimelipitia mstari kwa mstari. Kilichoachwa ni sharti linaloshikilia hayo maneno ya mwisho, na bila sharti hilo mnunuzi hajui amenunua nini.

Jedwali hilo unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa kalamu na daftari, bila kumlipa mtu. Nitaeleza namna ya kulitengeneza, namna ya kulikagua, kisha tupige hesabu tuone linaufanyia nini uwezekano wako wa kushinda. Anayetaka kujua kama atatajirika aruke moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Kwa mfano wetu nitatumia mchezo wa namba 6 kati ya 49, kwa sababu ndio unaojulikana zaidi duniani. Ujerumani wanaucheza tangu 1955, Kanada tangu 1982, na Uingereza waliucheza kuanzia 1994 hadi 2015 walipoongeza namba zikafika 59. Mchezo unaoucheza wewe huenda una namba nyingine, na huko mbele nimeweka fomula utakayobadilisha tarakimu zake. Bei ya tiketi tuseme ni shilingi 1,000, ili hesabu iwe nyepesi.

Hatua ya kwanza: hakikisha mchezo wako unazungushika

Kuzungusha namba ni kuchagua namba nyingi kuliko zinazoingia kwenye tiketi moja, kisha kuzigawa kwa mpango kwenye tiketi kadhaa. Hili linawezekana pale tu ambapo mpangilio wa namba haujalishi, yaani ukichagua 4, 11 na 17 ni sawa na 17, 4 na 11. Michezo ya tarakimu tatu ambayo lazima zifuatane kama zilivyotoka haihusiki hapa. Ukimkuta mtu anauza "mfumo wa kuzungusha" wa mchezo wa aina hiyo, mwache aendelee na safari yake.

Angalia pia zawadi inaanzia wapi. Michezo mingi ya 6 kati ya 49 huanza kulipa ukipata namba tatu. Kama mchezo wako unaanzia namba nne, jedwali nitakalolionyesha bado utaweza kulijaza, lakini ahadi yake haitakuwa na thamani yoyote kwako, kwa kuwa linaahidi namba tatu tu.

Hatua ya pili: pesa kwanza, namba baadaye

Wengi huanza na namba wanazozipenda, halafu ndipo watafute pesa ya kuzitosha. Anza na pesa. Ukiwa na namba kumi na ukitaka kucheza kila mchanganyiko wa namba sita unaopatikana humo, unahitaji tiketi 210. Hizo ni shilingi 210,000 kwa droo moja. Ukiwa na namba kumi na mbili tiketi zinapanda hadi 924. Huo ndio mzunguko kamili, na faida yake iko wazi: namba zote sita za droo zikitoka kwenye kumi zako, jakpoti ni yako bila mjadala.

Mzunguko wa mkato unachukua namba zilezile kumi kwa tiketi 10 badala ya 210. Kwa tiketi hizo 200 ulizoziacha umeokoa shilingi 200,000, ila kuna kitu umekiacha nazo. Tutakikuta.

Kikundi changu cha mfano ni cha wauza mitumba kumi wa Soko la Sabasaba. Kila mmoja anatoa shilingi 1,000 na namba moja. Mfumo huu unawapendeza watu wa namna hiyo kwa sababu kila mwanachama anajiona ana namba yake ndani ya mchezo, na hakuna anayebishana juu ya tiketi ya nani.

Hatua ya tatu: jaza jedwali

Tuseme namba zilizotolewa ni 4, 11, 17, 22, 29, 33, 36, 40, 43 na 47. Zigawe katika jozi tano, vyovyote upendavyo, kisha kila jozi ipe herufi:

A ni 4 na 33
B ni 11 na 40
C ni 17 na 36
D ni 22 na 47
E ni 29 na 43

Kila tiketi inabeba jozi tatu, ambazo ndizo zinazofanya namba sita. Kazi yako ni kuandika kila njia ya kuchagua herufi tatu kati ya tano. Njia hizo ni kumi, wala hazizidi. Anza na zote zenye A na B, kisha A na C, uendelee hivyohivyo ili usiruke:

1. ABC: 4, 11, 17, 33, 36, 40
2. ABD: 4, 11, 22, 33, 40, 47
3. ABE: 4, 11, 29, 33, 40, 43
4. ACD: 4, 17, 22, 33, 36, 47
5. ACE: 4, 17, 29, 33, 36, 43
6. ADE: 4, 22, 29, 33, 43, 47
7. BCD: 11, 17, 22, 36, 40, 47
8. BCE: 11, 17, 29, 36, 40, 43
9. BDE: 11, 22, 29, 40, 43, 47
10. CDE: 17, 22, 29, 36, 43, 47

Hilo ndilo jedwali la shilingi 5,000.

Sababu ya kufanya kazi ni rahisi kuiona. Chukua namba tatu zozote kati ya kumi zako. Haziwezi kutoka kwenye jozi zaidi ya tatu. Na kwa kuwa kila kundi la jozi tatu lina tiketi yake, lazima iwepo tiketi moja iliyobeba namba hizo tatu pamoja. Tuseme droo imetoa 2, 11, 19, 25, 36 na 43. Zako ni 11 ya jozi B, 36 ya jozi C na 43 ya jozi E. Tafuta BCE: ni tiketi ya nane, na kweli zote tatu zimo. Kama droo ingetoa 4, 33 na 47 kati ya zako, hizo ni jozi A nzima pamoja na nusu ya D, na hapo tiketi zote zenye A na D zinashinda, yaani ya pili, ya nne na ya sita. Zawadi tatu kwa mpigo mmoja. Wauza karatasi huipiga picha siku ya namna hiyo.

Ukiwa na namba kumi na mbili, njia hii ya jozi inakupa jozi sita na tiketi 20. Watafiti wa hisabati wana mpangilio mwingine, usiotumia jozi, unaotoa ahadi ileile kwa tiketi 15. Mipangilio ya namna hiyo imekusanywa kwenye tovuti iitwayo La Jolla Covering Repository, na haina malipo. Ukifika hapo unaandika `v` kuwa idadi ya namba zako, `k` kuwa namba zinazoingia kwenye tiketi, na `t` kuwa namba unazotaka zipatikane pamoja. Kwa 12, 6 na 3 itakupa mistari 15. Lakini kwa mtu anayeanza, jozi zinatosha, tena unaweza kuzikagua kwa macho.

Hatua ya nne: kagua kabla ya kulipa

Ahadi ya jedwali inasimama juu ya kila namba kuwa mahali pake. Kosa moja la kunakili linatosha kuitoboa. Tuseme kwenye tiketi ya nane, badala ya 36 umeandika 34. Tiketi bado ni halali na mashine itaipokea bila kusema neno. Lakini droo ileile ya 11, 36 na 43 ikitoka, hakuna tiketi nyingine yenye B, C na E pamoja. Umepata namba tatu kati ya kumi zako na hulipwi chochote.

Kukagua ni kuhesabu. Kwenye jedwali hili kila namba lazima ionekane mara sita, si tano wala saba. Ukishamaliza kuandika, pitia namba moja moja na uweke alama ya kijiti kila unapoiona. Namba yenye vijiti vitano ndiyo iliyokosewa mahali, na ngeni itajitokeza yenyewe kwa kuwa na kijiti kimoja. Kama umeandika tiketi zako kwenye Excel, kuanzia kisanduku A1 hadi F10, andika fomula hii kwa kila namba na jibu liwe 6:

```
=COUNTIF(A1:F10,36)
```

Kisha kagua tena kwenye risiti zilizotoka kwa wakala, si kwenye daftari lako peke yake. Makosa mengi hutokea dirishani, mtu mmoja anasoma namba kwa sauti na mwingine anabonyeza, foleni nyuma inanung'unika.

Hatua ya tano: soma ahadi pamoja na sharti lake

Ahadi kamili ya jedwali hili inasomeka hivi: ikiwa angalau namba tatu kati ya kumi zako zitatoka, angalau tiketi yako moja itakuwa na namba tatu. Karatasi ya kibandani inaanza kusoma baada ya alama ya mkato.

Sasa neno "ikiwa" lina uzito gani? Michanganyiko ya namba 6 kati ya 49 ni 13,983,816. Ukihesabu ile yenye namba tatu au zaidi kutoka kwenye kumi zako unapata 1,262,328. Gawanya, unapata asilimia 9.03. Maana yake sharti linatimia kama mara moja katika kila droo 11. Droo nyingine kumi, tiketi zote kumi ni karatasi tupu, zote kwa pamoja, kwa sababu zote zinategemea namba zilezile kumi.

Kwa mchezo wako mwenyewe tumia fomula hii ya Excel. Namba 6 ni idadi ya namba zinazotolewa kwenye droo, 10 ni idadi ya namba zako, 49 ni namba zote za mchezo, na 2 ni moja pungufu ya namba zinazoanza kulipwa:

```
=1-HYPGEOM.DIST(2,6,10,49,TRUE)
```

Itakupa 0.0903, ndiyo ile asilimia 9.

Linganisha na mtu asiyejua mfumo wowote. Anaenda kwa wakala na shilingi 10,000 zilezile, anamwambia mashine imchagulie tiketi kumi, anaondoka. Tiketi moja yoyote ina nafasi moja kati ya 54 ya kupata namba tatu au zaidi, yaani asilimia 1.86. Kwa tiketi kumi alizochaguliwa na mashine kila moja kivyake, uwezekano wa angalau moja kushinda kitu ni asilimia 17. Asilimia 17 dhidi ya 9. Huyu asiyejua mfumo ana nafasi karibu mara mbili ya yako ya kurudi nyumbani na chochote mkononi.

Hapa watu husimama wakanitazama kama nimewaibia. Mfumo ulioitwa wa uhakika unapunguzaje nafasi ya kushinda? Jibu liko kwenye idadi ya tiketi zinazoshinda kwa wakati mmoja. Chukua droo 100. Wewe wa mfumo na yule wa mashine nyote mtalipa shilingi 1,000,000, na nyote mtapata wastani wa tiketi 19 hivi zinazoshinda. Idadi ni ileile, na haiwezi kubadilika kwa namna yoyote ya kujaza, kwa sababu kila tiketi peke yake ina nafasi yake moja kati ya 54 bila kujali jirani yake ana nini. Tofauti ni jinsi zinavyotawanyika. Za yule wa mashine zitakuja kwenye droo 17, karibu kila mara moja moja. Zako zitakuja kwenye droo 9, kwa wastani mbili mbili, mara nyingine tatu au tano kwa mpigo, na droo nyingine 91 zitakuwa kavu. Ni mvua ya Dodoma: haimwagiki mwaka mzima, ikija inakuja kwa kishindo.

Kwa hiyo kuzungusha namba hakuongezi wala kupunguza kile unachotarajia kupata kwa wastani. Kunakusanya ushindi sehemu moja. Kama kikundi kinapenda kupokea fungu kubwa mara chache kuliko kidogo kidogo mara nyingi, hiyo ni sababu ya kweli ya kutumia mfumo, na sioni nyingine. Anayetaka kupata kitu mara nyingi kadiri inavyowezekana afanye kinyume kabisa: atawanye tiketi zisishiriki namba. Tiketi nane zisizo na namba hata moja ya kufanana zinatumia namba 48 kati ya 49, na uwezekano wa angalau moja kushinda ni asilimia 14.8. Hizo ni tiketi nane tu, na tayari zimeipita mizunguko yako ya tiketi kumi.

Hatua ya sita: piga hesabu ya pesa, si ya tiketi

Uingereza enzi zile za namba 49, tiketi ilianza kwa pauni moja na namba tatu zililipa pauni 10. Tukichukua uwiano huo, namba tatu zinalipa shilingi 10,000 kwa tiketi ya shilingi 1,000. Sasa rudi kwenye jedwali. Mara nyingi sharti linapotimia, zinatoka namba tatu kamili, si zaidi. Na mara mbili katika kila tatu, namba hizo zinatoka kwenye jozi tatu tofauti, hivyo ni tiketi moja tu inayoshinda. Unapokea shilingi 10,000. Ulilipa shilingi 10,000. Uhakika uliouziwa, ukitimia, mara nyingi unakurudishia nauli yako tu.

Kwa droo 100, zile tiketi za namba tatu zitaleta wastani wa shilingi 176,000 hivi. Ongeza tiketi moja ya namba nne, ambayo kwa wastani ndiyo utakayoipata katika muda huo. Upande wa pili umelipa milioni moja. Pengo hilo haliibiwi na mtu: limebaki kwenye jakpoti, kwenye kodi na kwa mwendeshaji, na yule wa mashine analo vilevile.

Na jakpoti je?

Tiketi kumi tofauti zina nafasi 10 kati ya 13,983,816, sawa na moja kati ya milioni 1.4 hivi. Uzizungushe, uzipangie jozi, uziote usingizini, nafasi ni hiyohiyo. Namba haina namna ya kujua imekaa kwenye jedwali.

Ila kuna jambo linalouma ambalo watu wa kuzungusha wanapaswa kulijua mapema. Nilipokuwa nikieleza jedwali hili kwa kikundi kimoja, mweka hazina wao aliuliza, "Sasa mwalimu, namba zote sita zikitoka kwenye kumi zetu si ndiyo tumemaliza kazi?"

"Hapana, mama. Mtakuwa mmezitaja zote sita, lakini huenda hakuna tiketi yenye zote sita."

Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo itavunja kikundi."

Ana haki ya kuogopa. Uwezekano wa namba zote sita kutoka kwenye kumi zenu ni moja kati ya 66,590 hivi. Hilo likitokea, yako makundi 210 ya namba sita ambayo yangeweza kuwa yametoka, na ninyi mmenunua 10 tu. Basi nafasi ya kuwa na jakpoti mkononi ni moja kati ya 21. Kwenye mara 20 zilizobaki kila mwanachama ataona namba za kikundi zimetoka zote, na bado jakpoti haipo. Hicho ndicho mlichokiacha pamoja na zile tiketi 200.

Hamtaondoka bure, ni kweli. Zaidi ya nusu ya uwezekano huo unawapa tiketi mbili za namba tano, tatu za namba nne na nne za namba tatu. Sehemu kubwa ya uliobaki unawapa tiketi sita za namba nne na nne za namba tatu. Ni pesa nzuri kwa muuza mitumba. Lakini waelezeni wanachama kabla ya droo ya kwanza, maana kueleza baada ya hapo ni kazi ya polisi.

Mambo mawili yanayochanganywa na mfumo huu

La kwanza ni namba ya kudumu. Baadhi ya karatasi hukwambia uchague namba moja "yenye nguvu" na kuiweka kwenye kila tiketi, halafu nyingine uzizungushe kuizunguka. Unapata ahadi kubwa kwa tiketi chache, na inapendeza kuitazama. Sharti limeongezeka: sasa lazima namba hiyo itoke. Namba yoyote katika 6 kati ya 49 hutoka kwa asilimia 12 ya droo, iwe ilitoka wiki iliyopita au haijaonekana tangu masika. Isipotoka, ahadi yote imekufa.

La pili ni hadithi za watu walioishinda bahati nasibu kwa hisabati. Anayetajwa sana ni Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania aliyehamia Australia. Mwaka 1992 kikundi chake kiliilenga bahati nasibu ya jimbo la Virginia, Marekani, ambayo ilikuwa ya namba 6 kati ya 44. Michanganyiko yake ilikuwa 7,059,052 na tiketi ilikuwa dola moja. Jakpoti ilipopanda hadi dola milioni 27, walinunua tiketi kama milioni tano na wakaipata. Hakuna mkato hapo. Walinunua sehemu kubwa ya mchezo wenyewe, siku ambayo zawadi ilizidi gharama ya tiketi zote. Kikundi cha shilingi 10,000 hakina cha kuiga kutoka kwao.

Ahadi isiyo na sharti ipo kweli, ila iangalie bei yake. Mwaka 2023 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha kwamba katika mchezo wa Uingereza wa 6 kati ya 59, tiketi 27 zilizopangwa vizuri zinatosha kuhakikisha kwamba, namba zozote zitoke, angalau tiketi moja itakuwa na namba mbili. Hapo hakuna "ikiwa". Zawadi ya namba mbili kwenye mchezo huo wakati huo ilikuwa tiketi moja ya bure.

Uchaguzi wa namba: sehemu pekee yenye faida ndogo

Hakuna namba inayotoka zaidi kwa sababu imekaa muda mrefu bila kutoka. Lakini jakpoti hugawanywa kwa waliopatia, na watu hawachagui namba ovyo. Wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, hivyo 1 hadi 31 zinabanana. Tarehe 14 Januari 1995 Uingereza ilitoa 7, 17, 23, 32, 38 na 42, namba zilizokaa katikati ya fomu, mahali ambapo macho ya watu hupenda kutua. Watu 133 walikuwa nazo zote sita. Jakpoti ya pauni milioni 16 ikawapa pauni kama 122,500 kila mmoja.

Kwa hiyo ukichanganya na namba za juu ya 31, na ukaepuka safu na maumbo yanayovutia macho kwenye fomu, hubadilishi nafasi ya kushinda. Unapunguza tu idadi ya watu wa kugawana nao ukishinda. Kwenye jedwali letu namba tano kati ya kumi zimepita 31, na hilo si la bahati. Kama kikundi chako kila mtu analeta tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, waambie angalau nusu wabadilishe.

Siku ya droo

Usihangaike na tiketi moja moja. Chukua karatasi yenye jozi tano, weka duara kwenye namba zako zilizotoka, kisha hesabu. Duara mbili au pungufu, hakuna kitu, mnaweza kwenda kula chipsi. Duara tatu zikiwa kwenye jozi tatu tofauti, ni tiketi moja tu, ile yenye herufi hizo. Duara tatu zikiwa kwenye jozi mbili, ni tiketi tatu, zote zenye herufi hizo mbili. Duara nne au zaidi, hapo toa risiti zote kumi na uzipitie moja moja, kwa sababu zawadi zimechanganyika na huenda zikawa za viwango tofauti.

Kwa kikundi, mweka hazina apige picha risiti zote kumi na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya droo kufungwa, pamoja na majina ya waliotoa pesa wiki hiyo. Aliyekosa kutoa hana fungu wiki hiyo hata kama namba yake ndiyo iliyotoka, na hilo liandikwe mapema kwa maneno hayohayo. Asiyefika miaka 18 asiwekwe kwenye orodha, kwa kuwa sheria ya michezo ya kubahatisha ya Tanzania haimruhusu kucheza. Na wiki ambayo wametoa watu saba tu, msinunue tiketi saba kati ya zile kumi mkadhani ahadi bado ipo. Ondoeni jozi moja mbaki na namba nane, na mpange jozi nne kwenye tiketi nne: ABC, ABD, ACD, BCD. Ahadi ya namba tatu inabaki nzima, na shilingi 3,000 zinabaki kwenye mfuko kwa ajili ya wiki ijayo.